Milango Wazi Hadi Saa Sita Mchana

Kadi ile niliiandika mimi. Watu wakizungumzia zile nyumba humtaja mkurugenzi, na mimi hukaa kimya nikiendelea kukoroga chai yangu. Lakini maneno yale yalikuwa yangu, na niliyapenda, na hata leo nikiyasoma sioni neno moja la uongo ndani yake. Hilo ndilo linalonisumbua.

Nilikuwa na mwaka wa pili katika kampuni ndogo ya kujenga na kuuza nyumba hapa Arusha. Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya umeme, na tulikuwa watu watatu tu: mkurugenzi, mhasibu aliyekuja siku mbili kwa wiki, na mimi. Kazi yangu waliiita mauzo. Maana yake nilipiga picha, nikajibu simu, nikapeleka wateja saiti na kuwarudisha mjini. Nyumba zenyewe zilikuwa kumi na mbili, upande wa njia ya Olmotonyi, mahali palipokuwa shamba la kahawa zamani. Sita zilitazama barabara ya vumbi. Sita za nyuma zilitazama mlima, na hizo ndizo zilizokuwa nzuri. Ukisimama kwenye baraza la nyuma asubuhi, Meru yote iko mbele yako, kuanzia mashamba ya migomba hadi kwenye mwamba wa juu.

Kati ya mabaraza hayo na migomba ya majirani kulikuwa na korongo. Lilikuwa kavu, limeota magugu, na sehemu yake ya chini ilikuwa imefukiwa kwa kifusi ili kupata uwanja wa kutosha. Chini ya kifusi walipitisha kalavati, bomba la zege la kupitishia maji. Nililiona korongo hilo kila wiki kwa mwaka mzima na sikuwahi kulifikiria. Mimi nimezaliwa upande wa pili wa mlima, juu ya Makumira, mtoto wa wakulima. Nilipaswa kulifikiria.

Mwanzoni mwa Desemba mkurugenzi aliniita mezani kwake. Alikuwa mtu mpole, haongei kwa sauti, huuliza habari za mama yako na kusubiri jibu. Alisema Krismasi inakuja, wenye asili ya huku watarudi kutoka Dar, Dodoma na Nairobi, na wakirudi wanakaa wote sebule moja, baba, mama, shemeji, mkwe. Uamuzi wa kujenga au kununua hufanyika hapo.

"Tuwafungulie nyumba ya mfano," alisema. "Waje waangalie. Lakini sitaki kelele za punguzo, sitaki maneno ya kuharakisha watu, eti zimebaki mbili. Mtu akija na mama mkwe wake ukamsukuma, wote wanakimbia. Andika kiungwana."

Nilifurahi. Nilikuwa nimechoka na matangazo ya kutisha watu kwamba bei inapanda kesho. Nikaenda nyumbani na karatasi, nikaandika jioni nzima. Kesho yake nikampelekea.

*Msimu huu wa sikukuu tunakufungulia milango. Karibu uone nyumba ya mfano, wewe na familia yako, kuanzia tarehe 27 hadi 31 Desemba. Chai, maandazi na juisi vipo. Watoto wanakaribishwa. Hakuna atakayekushawishi kununua, na hakuna malipo yatakayopokelewa siku ya kutembelea. Angalia, uliza, kaa barazani, kisha nenda nyumbani ukafikirie.*

Chini yake niliweka saa: saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Tarehe ishirini na tano na ishirini na sita niliziacha, watu wako kanisani na kwenye nyama.

Mkurugenzi alisoma mara mbili. Akatabasamu. Kisha akachukua kalamu, akakata saa kumi na moja, akaandika saa sita kamili mchana.

"Bosi, wengi watakuwa wamelala hadi saa nne," nilisema. "Ni sikukuu. Mchana ndio watatoka."

"Asubuhi mlima unaonekana. Mchana mawingu."

Ilikuwa kweli. Desemba mlima hujifunika kuanzia saa saba. Lakini niliona jinsi alivyoandika neno *kamili*, akalipigia mstari, na nikashangaa kwa nini mtu aliyekataa maneno ya haraka alitaka saa ya kufunga iwe kali namna ile.

"Na mtu akichelewa?"

"Aje kesho yake asubuhi. Saa sita mlinzi anafunga geti. Usimpeleke mtu mchana, hata akiwa waziri."

Kisha akaniambia niongeze jambo moja, na hili lilikuwa wazo lake. Mteja akishika nyumba, akasaini, halafu akabadili mawazo, arudishiwe chake chote bila maswali. Niliuliza kwa muda gani, nikapendekeza wiki mbili kama wengine wanavyofanya.

"Thelathini," alisema. "Weka siku thelathini. Januari ni kavu."

Nilicheka kidogo. Nilidhani anazungumzia mifuko mitupu, jinsi sote tunavyosema kuhusu Januari, ada za shule na madeni ya sikukuu. Nilidhani anawahurumia watu. Nikaandika siku thelathini, nikaipiga picha kadi ya mwisho kwa simu, nikamtumia, naye akanijibu kwa ujumbe: *Safi sana. Tuma.* Nikaituma kwenye makundi yote niliyokuwemo, ya kwaya, ya wanafunzi wenzangu, ya ukoo. Nyingine tukazichapisha kwenye karatasi nzito.

Tarehe ishirini na saba nilifika saiti saa moja na nusu kupanga meza. Mlinzi alikuwa ameshafagia. Alikuwa Mwarusha wa makamo, mkimya, ambaye alilala kwenye kibanda cha mabati karibu na geti. Nilimkuta ameweka jenereta juu ya matofali matano, na godoro lake liko juu ya kichanja karibu na paa. Nikamtania kama anaogopa panya.

"Panya hawana shida," alisema, akaendelea na ufagio wake.

Nyumba ya mfano ilikuwa namba tisa, safu ya nyuma. Ilinukia rangi. Mafundi walikuwa wamepaka ukuta wa nyuma siku tatu kabla, ingawa nilikumbuka waliupaka pia katikati ya Novemba. Sofa kubwa iliyokuwa imekaa chini ya dirisha ilikuwa imesogezwa hadi kwenye kona iliyoshikana na mlango wa nyuma. Nilipoivuta kidogo ili kufagia, niliona ubao wa chini wa mlango umevimba na kupinda, na kwenye sakafu, pale kwenye kiungo cha vigae, kulikuwa na udongo mwembamba mweusi uliokauka kama unga. Nikaufuta kwa kitambaa. Nikairudisha sofa. Sikumuuliza mtu.

Watu walikuja, zaidi ya tulivyotegemea. Nilipanga kila familia nusu saa, lakini kwa kuwa nilikuwa nimeandika wasiwe na haraka, walikaa. Akina mama walifungua makabati ya jikoni, watoto walizunguka mti wa Krismasi tuliouweka sebuleni. Wanaume waliuliza hati, nami nikawaonyesha nakala ya hati kuu na ramani iliyopitishwa. Hakuna niliyemshawishi. Nilisimama pembeni na birika. Na jinsi nilivyokaa pembeni ndivyo walivyonifuata, wakiniuliza mimi mwenyewe ningechagua ipi.

Saa tano na nusu alikuja mama mmoja peke yake. Alikuwa muuguzi mstaafu, amefanya kazi miaka mingi katika hospitali za mikoani, sasa anapanga vyumba viwili Elerai. Alikuwa na kadi yangu mkononi, ile ya kuchapishwa, ameikunja katikati. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaenda moja kwa moja barazani na kukaa.

Alikaa dakika kumi akitazama mlima. Kisha akaniuliza, "Mvua zikija, haya maji ya mlimani yanapita wapi?"

"Kuna kalavati, mama. Limejengwa kitaalamu."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa kujibu, na kalavati lilikuwepo kweli. Aliangalia korongo, akaniangalia mimi. "Wewe ni wa wapi?"

"Makumira, mama. Juu kidogo."

"Basi unajua," alisema, na ilionekana hilo limemtuliza. Aliamini kwamba mtoto wa mlimani hawezi kumweka mtu mahali pabaya. Nilimmiminia chai bila kumtazama usoni.

Geti lilifungwa saa sita kamili. Mlinzi alisimama na kufuli mkononi dakika kumi kabla, akitazama mlimani zaidi kuliko alivyotazama wageni.

Yule mama alirudi siku ya tatu, akaja ofisini mwenyewe, akasaini namba kumi, jirani na ya mfano. Nilimkumbusha kwamba hana haja ya kuharakisha. Alicheka, akasema amengoja miaka thelathini kukaa kwenye baraza lake mwenyewe, hiyo si haraka. Familia nyingine nne zilisaini wiki hiyo, zote safu ya nyuma. Mkurugenzi alinipa mkono, akaenda kwao Moshi kusalimia wazazi hadi mwaka mpya.

Tarehe thelathini na moja, baada ya geti kufungwa, yule mama muuguzi alinipigia simu. Alitaka kupima madirisha ya mapazia, fundi cherehani alikuwa anasafiri kesho yake. Nilimwambia utaratibu ni asubuhi. Akasema, kwa upole tu, "Si mliandika niangalie na kukaa barazani, mwanangu? Na mimi nataka nione jioni panakuwaje. Jioni ndiyo nitakuwa nakaa hapo."

Bosi alikuwa Moshi. Nikamwambia aje saa kumi.

Mlinzi alipotuona getini hakutaka kufungua. Alinivuta pembeni. "Dada, uliambiwa mchana hakuna mtu."

"Ni dakika ishirini. Ameshanunua."

Aliangalia mlimani. Kwetu pale jua lilikuwa kali, anga juu ya mabati ni safi. Lakini juu, kuanzia msituni kwenda juu, mlima haukuwepo. Kulikuwa na wingu la rangi ya risasi, limekaa, halisogei, na ndani yake kulikuwa na mngurumo wa chini usiokatika.

"Dakika kumi," alisema mlinzi. Akafungua, lakini hakufunga geti nyuma yetu. Aliliacha wazi kabisa, mabawa yote mawili, na akalizuia kila bawa kwa jiwe.

Tulianza na namba kumi. Nilishika ncha moja ya futi kamba, mama akashika nyingine, akiandika vipimo nyuma ya kadi yangu. Kulikuwa kimya. Tulipomaliza akaomba tuingie ya mfano, alipenda urefu wa mapazia ya kule. Nilikuwa nimepanda kiti, nimenyoosha mkono, nilipoisikia harufu kupitia dirishani. Udongo mbichi, na majani yaliyooza, harufu ya shamba la nyumbani baada ya mvua kubwa. Lakini chini yangu uwanja ulikuwa mkavu, na jua linawaka juu ya magugu ya korongo.

"Mvua imenyesha wapi?" mama aliuliza.

Kabla sijajibu nilisikia mlinzi akiita kutoka mbele, bila kupiga kelele, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Alisema neno moja tu, "Tokeni." Kisha nikasikia sauti nyingine, kama lori linalomwaga kokoto, ila kokoto haziishi.

Niliona maji yakitokea kwenye kona ya korongo. Hayakuwa maji ya kawaida. Yalikuwa ukuta mfupi wa tope, unakuja na migomba mizima, matawi, mabati ya choo cha mtu. Yalifika kwenye kifusi, yakasimama kidogo kana kwamba yanafikiri, kalavati likayameza kwa sekunde chache na kuziba. Kisha yakapanda uwanja na kuja barazani.

Nilishuka kitini. Mlango wa nyuma uligonga mara moja, ukafunguka, ukaisukuma ile sofa katikati ya sebule kama kiti cha mtoto. Maji yalikuwa ya baridi sana. Yalifika magotini kabla hatujafika ukumbini, na yalikuwa mazito, yanavuta. Mti wa Krismasi ulianguka ukatupita. Mama aliteleza. Nilimshika kwapani, naye akanishika nywele, na kwa muda fulani tulisimama hivyo, hatuendi mbele wala nyuma, nikimsikia akihesabu pumzi zake taratibu kama anavyomhesabia mgonjwa. Mlinzi aliingia kwa mlango wa mbele amefunga shuka lake kiunoni. Akamshika mama mkono, akatutoa.

Tulisimama barabarani, kwenye kilele cha tuta, tukitetemeka kwenye jua. Baada ya robo saa yote yalikuwa yamekwisha. Maji yalishuka kuelekea mashamba ya chini na kutuachia ukimya. Kwenye kuta za nyumba sita za nyuma kulikuwa na mstari mweusi ulionyooka, kama umepigwa kwa rula, unaofika juu kidogo ya goti langu.

"Ni mara ya tatu tangu Novemba," alisema mlinzi. Alikuwa akiniambia mimi lakini akiangalia chini. "Inanyesha juu mchana, inafika hapa saa tisa, saa kumi. Asubuhi haijawahi. Usiku wanapaka rangi."

"Bosi anajua?"

"Bosi ndiye aliyeuliza saa. Nikamwambia hadi saa sita ni salama."

Mama muuguzi alikuwa amekaa juu ya jiwe, anakamua kitenge chake. Alisikia kila neno. Hakuniangalia. Aliomba tu nimwitie bodaboda ya kwenda Elerai, na alipopanda alisema, "Asante kwa kunishika," akaondoka.

Nilikaa siku mbili nyumbani kwa mama yangu, nikisema nina mafua. Nilimsimulia kila kitu tukimenya ndizi. Mama hakunilaumu. Aliuliza swali moja: walipofukia korongo, walimuuliza nani pale kijijini? Nilisema sijui. Akasema sheria ya kuacha mita sitini kutoka kwenye mkondo hata watoto wa shule wanaijua. Kisha akaendelea kumenya.

Mkurugenzi aliporudi alinikuta ofisini. Alishajua, na hakufoka. Alinipa pole, akauliza kama nimeumia, akasema ilikuwa mvua ya ajabu ambayo haitatokea tena, na kwamba mhandisi atapanua kalavati. Nilimuuliza kuhusu Novemba. Alianza kupanga kalamu zake mezani.

"Unajua nyumba ngapi mji huu ziko kwenye mikondo?" alisema. "Watu wanaishi. Wanazoea. Wewe umefanya kazi nzuri sana mwezi huu, usiiharibu."

Alisema kwa sauti ileile ya kuuliza habari za mama yangu.

Wiki ya pili ya Januari mama muuguzi alikuja, na mpwa wake ambaye ni wakili kijana. Alitaka kujitoa. Mkurugenzi aliwakaribisha viti, akatoa mkataba, akawaonyesha kifungu kinachosema mteja akijitoa harudishiwi kitu. Kilikuwepo kweli, ukurasa wa nne, na chini yake sahihi ya mama. Alisikitika sana, alisema, lakini karatasi ndiyo karatasi.

Mama alifungua mkoba, akaweka mezani kadi yangu. Ilikuwa imelowa na kukauka, imejikunja, ina vipimo vya madirisha nyuma. Wakili akaisoma kwa sauti hadi kwenye siku thelathini.

"Hilo ni tangazo," alisema mkurugenzi. "Vijana wa mauzo huandika wanavyojua. Kampuni haikuahidi hivyo."

Wakili aligeuka kwangu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na trei ya chai. "Dada, wewe ndiye uliyeandika?"

Mkurugenzi aliniangalia kwa upole, akinisubiri. Nilijua kabisa alichotaka niseme, na nilijua kodi yangu ya nyumba inaisha mwisho wa mwezi.

"Ndiyo, niliandika mimi," nilisema. "Siku thelathini alizitaja bosi. Nilimtumia kadi kabla ya kuisambaza, akanijibu nitume. Ujumbe wake ninao kwenye simu."

Niliweka trei chini, nikatoa simu, nikampa wakili. Alisoma, akampa mkurugenzi. Kisha mkurugenzi akaomba kampuni ipewe siku tatu, na mama alirudishiwa pesa zake kabla siku hizo hazijaisha. Mimi nilipewa barua yangu ya kuachishwa mchana uleule. Mama alinisubiri chini, mbele ya duka la umeme. Alinishika mkono, akasema, "Siku ile ulikuwa unajua kitu."

"Nilikuwa nimeona kitu, mama. Sikutaka kukijua."

Akatikisa kichwa, akaniachia mkono. Hatujaonana tena.

Kulikuwa bado na wiki mbili hivi katika zile siku thelathini, na familia nne. Daftari la simu za wateja lilibaki ofisini, lakini namba za wawili nilikuwa nazo kwenye simu yangu. Mmoja alikuwa Dodoma. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema atalifanyia kazi, na nilipompigia tena alikuwa ameizuia namba yangu. Wa pili sikumpata. Nikaamua kwenda saiti mwenyewe.

Mlinzi hakuwepo. Alikuwepo mwingine, kijana mwenye sare mpya, ambaye hakunijua na akaniruhusu kupita. Kuta za nyuma zilikuwa nyeupe, zinang'aa. Korongo lilikuwa kavu, na kwenye kalavati hakukuwa na kazi yoyote iliyoanza, ila walikuwa wamepanda maua mbele yake kulificha. Kwenye namba kumi na moja kulikuwa na nguo kwenye kamba. Wameshahamia.

Mke alifungua. Nilimkumbuka, alikuwa amekaa muda mrefu jikoni siku ya pili akifungua na kufunga droo. Alikuwa na mtoto wa miezi minane hivi mgongoni. Nilimweleza tukiwa tumesimama mlangoni, haraka haraka, nikisikia maji ya bafu yakimwagika ndani, mumewe alikuwa anaoga.

"Kampuni ilitupigia," alisema. "Walituambia kuna mfanyakazi walimfukuza, atapita kuchafua jina la nyumba hizi."

"Ni mimi. Walikuambia kweli kwamba walinifukuza."

Alinitazama. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Yalifika wapi?"

Niliweka mkono kwenye mguu wangu, juu ya goti. Yeye akaangalia mkono wangu, akaangalia sakafu ya ukumbi, vigae safi, gari dogo la plastiki la mtoto limelala ubavu. Bafuni maji yalikatika. Nilimwandikia namba yangu kwenye risiti, nikamwambia siku thelathini zao zinaisha Ijumaa ijayo, wasizipitishe. Aliitia risiti kwenye mfuko wa gauni. "Nitaongea naye," alisema, akafunga mlango taratibu, kwa adabu.

Ijumaa ilipita. Sikupigiwa simu. Nilipeleka barua ofisi ya kata na nyingine kwa watu wa mazingira, wakanigongea muhuri wa kupokelewa. Februari ilikuwa kavu na nzuri, mlima unaonekana hadi saa kumi jioni. Nilipata kazi katika duka la vitabu vya shule, na nikaanza kulala vizuri.

Masika yalianza mwisho wa Machi. Siku ya tatu ya mvua, mchana, simu yangu iliingiza ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Haukuwa na salamu wala jina. Uliandikwa: *Mume wangu anasema tusubiri tuone. Nimehamishia kitanda cha mtoto chumba cha mbele.*